Hesabu za Raporo: Sentensi, Tablo ao Grafiki?



Kila mwaka parokia inapeleka raporo yake kwa Askofu. Askofu naye, kila miaka mitano, sharti apeleke kwa Baba Mtakatifu habari za jimbo lake. Ndivyo inavyoagiza kanuni ya 399 ya Sheria ya Eklezya ya mwaka 1983. Hesabu zetu zinapanda ngazi ile: toka kitabu cha batizo, ambacho kanuni ya 535 inatuamuru kukiandika na kukitunza, mpaka biro ya Askofu, na toka biro mpaka Roma. Watu wanaozisoma kule juu hawajui vituo vyetu wala njia zetu za milima. Wanajua tu yale tuliyowaonyesha. Kwa hiyo yafaa tujiulize: hesabu hizi niziweke katika sentensi, katika tablo, ao katika grafiki? Na chini yake niandike maneno gani?

I. Raporo iliyosema kweli na kuficha kweli

Nitaanza na kosa langu mwenyewe. Majina ya vituo na hesabu nimezigeuza ziwe za mfano tu, lakini jambo ni lile lile.

Padri mkubwa aliniachia kazi ya kuandika raporo ya mwaka 2022. Nilijumlisha batizo zote za parokia, nikaandika hivi: «Mwaka 2022 tulibatiza watu 405. Mwaka 2018 walikuwa 412. Kazi inaendelea vizuri.» Nilifurahi kwa kuwa nilimaliza upesi, na hesabu zangu hazikuwa na kosa hata moja.

Nyuma ya miezi michache biro ya Askofu iligawanya makatekista wapya. Kituo chetu cha Mlimani, ambacho katekista wake alikuwa amekufa, hakikupata mtu. Mzee wa kituo akashuka mpaka misioni, mwendo wa saa tatu kwa miguu, akaniuliza: «Padri, mlitusahau?» Sikuwa na la kujibu. Watu wa biro hawakukosa. Walisoma vile nilivyoandika. Sentensi yangu ilisema kweli juu ya parokia nzima, na kwa sababu hiyo hiyo ilificha Mlimani.

II. Sentensi inafaa kwa hesabu moja, mbili, ao tatu

Je, sentensi ni mbaya? Hapana. Msomaji anaposhika hesabu moja ao mbili tu, hakuna kitu kinachopita sentensi. Mtu akitaka kujua parokia ilibatiza watu wangapi, mwambie: «405». Ukimfanyia tablo ya chumba kimoja, ao grafiki yenye nguzo mbili, unamsumbua bure na kuharibu karatasi.

Lakini jaribuni kusoma sentensi hii kwa sauti: «Misioni ilibatiza 180 mwaka 2018, 186 mwaka 2019, 74 mwaka 2020, 201 mwaka 2021 na 190 mwaka 2022, Sokoni 96, 104, 40...» Mbele ya kufika katikati, msikilizaji amesahau mwanzo. Hesabu zikipita tatu ao nne, na msomaji anapaswa kuzilinganisha, ziondoe katika sentensi.

Kuna mtego mwingine wa sentensi, ndio hesabu ya kwa mia pasipo hesabu ya watu. Kituo kidogo kilichobatiza watu 3 mwaka huu na 6 mwaka ujao kinaweza kuandika: «Batizo zimeongezeka kwa 100 kwa mia.» Ni kweli, lakini ni watoto watatu tu, pengine jamaa moja imehamia pale. Ukiandika kwa mia, andika na watu: «toka 3 mpaka 6». Hapo msomaji atapima mwenyewe.

III. Tablo inafaa kwa mwenye kutafuta hesabu kamili

Baada ya mzee kurudi kwake, nilifungua tena kitabu cha batizo, nikatengeneza tablo hii:

Tablo ya batizo

| Mwaka | Misioni | Sokoni | Mtoni | Mlimani | Jumla |
|---|---:|---:|---:|---:|---:|
| 2018 | 180 | 96 | 72 | 64 | 412 |
| 2019 | 186 | 104 | 70 | 58 | 418 |
| 2020 | 74 | 40 | 31 | 20 | 165 |
| 2021 | 201 | 118 | 66 | 37 | 422 |
| 2022 | 190 | 125 | 68 | 22 | 405 |

Tazameni kwanza namna ilivyopangwa. Miaka inashuka toka juu mpaka chini, kwa sababu jambo tunalotaka kulinganisha ni mwaka na mwaka wa kituo kile kile. Jicho linalinganisha hesabu mbili kwa urahisi zaidi zikiwa moja chini ya nyingine, mamoja chini ya mamoja, makumi chini ya makumi, kama vile watoto wa shule wanavyopanga hesabu za kutoa. Zikiwa zimetawanyika kwa upana wa karatasi, kazi ni ngumu. Tena vituo havikufuata alfabeti: vimepangwa toka kikubwa mpaka kidogo, na jumla iko mwisho.

Sasa shusheni kidole katika safu ya Mlimani: 64, 58, 20, 37, 22. Kiisha shusheni katika safu ya Jumla: ukiacha mwaka 2020, inakaa karibu pale pale. Jumla haikubadilika kwa sababu Sokoni imepanda wakati Mlimani ikishuka. Hapo ndipo sentensi yangu ilipoficha mambo.

Katika tablo kuna kosa moja la kuogopa kuliko mengine, nalo ni kuchanganya 0 na kukosa habari. Kituo ambacho hakikubatiza mtu kinaandikwa 0. Kituo ambacho buku lake limepotea, ao katekista wake hakuleta hesabu, kinaandikwa kwa kistari kidogo, na chini ya tablo unasema sababu. Ukiandika 0 pale ambapo hujui, umetoa ushuhuda wa jambo ambalo hukuliona, na jumla yako itakuwa ndogo pasipo mtu kujua. Namna ya kuvumbua kosa hili ni kutazama mwaka wa mbele na mwaka wa nyuma: kituo chenye 38, kiisha 0, kiisha 41, si kituo kilichokufa na kufufuka, ni karatasi iliyopotea.

IV. Grafiki inafaa kwa mwenye kutaka kuona mwendo

Tablo ni nzuri kwa karani wa biro, ambaye anatafuta hesabu kamili ili aiandike mahali pengine. Lakini Askofu anasoma raporo za parokia zote kwa siku chache. Yeye hatafuti kwanza kama ni 37 ao 38. Anataka kuona nani anapanda na nani anashuka. Kwa kazi ile grafiki inapita tablo.

Kwa mwendo wa miaka, chora mistari. Chukua karatasi ya vyumba-vyumba. Katika mstari wa kulala andika miaka, santimetri 2 kwa kila mwaka. Katika mstari wa kusimama, santimetri 1 iwe batizo 20, kuanzia 0. Misioni ya mwaka 2018 itakuwa alama kwenye santimetri 9, na ya mwaka 2022 kwenye 9,5. Mlimani itaanza kwenye 3,2 na kuishia kwenye 1,1. Unganisha alama za kila kituo, kiisha andika jina la kituo pale mstari unapoishia. Usitegemee rangi nyekundu na kijani, kwa sababu raporo itapita katika fotokopi nyeusi, na rangi zote zitakuwa moja. Hata ukiitengeneza kwa ordinateri, sheria ni ile ile.

Vituo vinne ni mistari minne. Jicho linaweza kuifuata. Ukiwa na vituo kumi na vitano, mistari itasokotana kama nyuzi za buibui. Hapo chagua: chora kile unachotaka kusema habari zake pamoja na viwili ao vitatu vya kukilinganisha, na vingine vyote uviache katika tablo.

Kama unataka kulinganisha vituo vya mwaka mmoja tu, chora nguzo. Nguzo zina sheria moja isiyovunjwa: sharti zianze kwenye 0. Tuchukue jumla zetu mbili, 412 na 405. Tukianza kwenye 0, na santimetri 1 ikiwa batizo 50, nguzo ya kwanza itakuwa na urefu wa santimetri 8,24 na ya pili 8,1; msomaji anaona kwamba karibu ni sawasawa, na ndivyo ilivyo. Lakini mtu akikata miguu ya nguzo, akaanza kwenye 400, na milimetri 1 ikiwa ubatizo 1, nguzo ya kwanza itakuwa milimetri 12 na ya pili milimetri 5. Msomaji ataona parokia imepoteza zaidi ya nusu ya batizo zake! Hesabu hazikubadilishwa hata moja, lakini picha imesema uwongo. Kwa hiyo ukipewa grafiki ya nguzo, kwanza tazama chini, mahali zinapoanza, mbele ya kutazama juu.

Wengine wanapenda duara iliyokatwa kama mkate. Mwaka 1984 wataalamu wawili wa Amerika, William Cleveland na Robert McGill, waliandika matokeo ya majaribio yao juu ya jambo hili: watu wanapima vizuri zaidi alama zilizopangwa juu ya kipimo kimoja, na wanapima pembe vibaya kuliko alama zile. Duara inatuomba kupima pembe. Inaweza kusaidia kama kuna vipande viwili ao vitatu vya kitu kizima, kwa mfano sehemu ya sadaka na sehemu ya misaada katika feza za parokia. Lakini haionyeshi mwendo wa miaka, na vipande vinavyokaribiana havitofautishwi kwa jicho.

V. Maneno ya juu na maneno ya chini

Sasa turudi kwa tablo yangu. Mmeona kichwa chake: «Tablo ya batizo». Ni kichwa kibaya, na kwa sababu yake nilikaribia kukosa mara ya pili. Nilipoona 64 inakuwa 22, nilitaka kuandika kwamba Wakristu wa Mlimani wamelegea katika imani. Padri mkubwa akanizuia kwa ulizo moja: «Abe, hawa 22 ni watu waliobatizwa Mlimani, ao ni watu wa Mlimani waliobatizwa?»

Sikuweza kujibu, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa sikuandika. Nilirudi kwenye kitabu, nikasoma mahali pa kukaa pa kila mmoja. Kati ya wale 125 waliobatizwa Sokoni mwaka 2022, watu 31 walikuwa wa Mlimani. Tangu katekista wao alipokufa, wazazi walikuwa wakishuka na watoto wao mpaka Sokoni. Basi ukihesabu kwa mahali pa kukaa, Sokoni ilikuwa na 94, wala si 125. Na Mlimani ilikuwa na 53, wala si 22. Jumla ilibaki 405. Imani ya Mlimani haikufa; ilikuwa inatembea kwa miguu. Kwa biro ya Askofu mambo haya mawili yanaomba majibu mbalimbali kabisa: kama watu wameisha, hakuna haja ya katekista, kama watu wapo na wanatembea, haja ni kubwa.

Ndiyo maana kichwa cha tablo sharti kiseme mambo matano: ni hesabu ya nini, ya wapi, ya miaka gani, imehesabiwa namna gani, na imetoka katika buku gani. Kichwa kinakaa juu ya tablo, kwa sababu msomaji wa tablo anaingia toka juu na anataka kujua kwanza safu zile ni za nini. Kichwa changu kingekuwa hivi:

«Tablo 1. Batizo za parokia kwa kila kituo, 2018 mpaka 2022. Hesabu ya watu, watoto na wakubwa pamoja, kwa mahali walipobatizwa, si kwa mahali wanapokaa. Zimetolewa katika kitabu cha batizo cha parokia. Mwaka 2020 makanisa yalifungwa toka mwezi wa tatu mpaka mwezi wa nane, na hakukuwa na batizo za Pasaka.»

Neno la mwisho lina lazima. Hapa Kongo sote tunakumbuka kufungwa kwa makanisa kwa ajili ya ugonjwa wa Korona. Lakini raporo inakaa miaka mingi katika kabati. Mtu atakayeifungua nyuma ya miaka thelathini ataona 418, 165, 422, na kuwaza kulikuwa na vita ao mafarakano. Usiondoe mwaka ule ili grafiki iwe nzuri. Uache pale, na useme sababu.

Maneno ya grafiki yanawekwa chini ya picha, kwa sababu jicho linaona kwanza mistari, kiisha linashuka kuuliza maana yake. Tena yana kazi moja zaidi kuliko kichwa cha tablo: yanamwambia msomaji atazame nini. Kwa mfano:

«Grafiki 1. Batizo kwa kila kituo, kwa mahali pa kubatizwa, 2018 mpaka 2022. Mlimani imeshuka toka 64 mpaka 22, wakati Sokoni ikipanda toka 96 mpaka 125. Mwaka 2020 makanisa yalifungwa. Hesabu kamili: Tablo 1.»

Angalieni: maneno haya yanasema kile kinachoonekana katika picha, na hayapiti pale. Hayasemi «kwa sababu katekista alikufa», kwa maana mistari haiwezi kuonyesha sababu. Mistari miwili inayopishana inaweza kuwa alama ya watu wanaohama, ao ya barabara mpya, ao ya namna mpya ya kuandika buku. Sababu inaandikwa katika sentensi za raporo, pamoja na ushuhuda wake: majina ya mahali yaliyosomwa katika kitabu, na maneno ya wazee wa kituo. Mwenye kuweka sababu katika maneno ya grafiki anamfanya msomaji asadiki kwamba hesabu zimeihakikisha, kumbe ni yeye mwenyewe anayesema.

VI. Raporo ya pili

Mwaka uliofuata niliandika upya. Katika ukurasa wa kwanza niliweka grafiki yenye mistari minne, na chini yake maneno yale. Kiisha niliandika sentensi mbili tu: «Mwaka 2022, watu 31 wa Mlimani walibatizwa Sokoni, kwa sababu kituo chao hakina katekista tangu yule wa mbele alipokufa. Ukiwahesabu hawa kwao, Mlimani ilikuwa na batizo 53, si 22.» Tablo nilipeleka nyuma, katika ukurasa wa mwisho, kwa ajili ya karani mwenye kutafuta hesabu kamili. Kila kitu kilikuwa na msomaji wake: grafiki kwa Askofu aone mwendo, sentensi kwa hesabu ile moja isiyofaa kusahauliwa, tablo kwa mwenye kutaka kupima kama sikukosa.

Mbele ya kuchora ao kupanga kitu, andikeni pembeni ya karatasi ulizo ambalo msomaji wenu atauliza. «Wangapi?» linajibiwa na sentensi. «Kila kimoja ni ngapi?» linajibiwa na tablo. «Mambo yanakwenda upande gani?» linajibiwa na grafiki. Kama hamwoni ulizo lolote, hesabu ile haina kazi katika raporo. Iacheni ipumzike katika buku lake. Na mkiisha kuandika maneno ya juu ao ya chini, mpeni fratri mwingine asome tablo peke yake, pasipo raporo. Akishindwa kuwaambia ni watu gani, wa wapi, na wamehesabiwa namna gani, maneno hayajatosha.

Mzee wa Mlimani alipata katekista mwaka ule. Safari hii hakushuka kuuliza kitu, alituma jogoo.